Usimwombe mteja ushuhuda, mwombe ruhusa

Kazi yangu hapa Kigoma ni kuwaandikia wafanyabiashara wadogo matangazo na kuwashikia kurasa zao. Wengi ni wauza dagaa na migebuka wanaotuma mizigo kwa basi kwenda Dodoma, Morogoro na Dar. Mteja wa mbali hashiki dagaa mkononi kabla ya kulipa. Anatuma pesa kwa mtu asiyemjua, halafu anakaa kusubiri. Kwa hiyo neno la mnunuzi aliyetangulia linamsaidia kuliko sifa zozote nitakazoandika mimi.

Tatizo ni kulipata hilo neno. Dada mmoja ninayemfanyia kazi, anayechukua mzigo mwalo wa Kibirizi, aliwahi kuwatumia wateja wake kumi na wawili ujumbe mmoja: "Habari mpendwa mteja, tunaomba utuandikie ushuhuda kuhusu huduma zetu." Tisa walimjibu vizuri tu, "sawa dada nitakuandikia," na vikopa viwili vitatu. Hakuna aliyeandika. Akadhani hawampendi. Mimi nikamwambia hapana, umewapa mtihani.

Anza na neno lenyewe. Kwetu ushuhuda ni wa kanisani au wa mahakamani. Ukimwambia mtu atoe ushuhuda, anajiona amesimama mbele za watu na kipaza sauti, wakati yeye alinunua dagaa kilo tatu. Halafu hajui aandike mistari mingapi, aseme nini, wala maneno yake yatabandikwa wapi na nani atayasoma. Na "nitakuandikia" ya Kiswahili unaijua. Mara nyingi ni hapana iliyofunikwa kanga.

Ninachofanya sasa ni kutafuta maneno ambayo mteja ameshayasema. Karibu kila mteja aliyeridhika ameshasema, ila muuzaji alijibu "asante sana" akapita. Tulirudi kwenye simu ya yule dada, tukapekua mazungumzo ya miezi miwili. Tukakuta ujumbe wa sauti wa mama mmoja wa Dodoma, sekunde arobaini hivi. Nusu yake anasalimia na kuulizia hali ya mvua huku. Katikati anasema: "Yaani hawa dagaa, mwanangu, nimeosha mara mbili tu, hakuna mchanga. Watoto wamekula mpaka vichwa."

Hapo nilisimama. Mnunuzi wa dagaa wa Kigoma ana hofu moja kubwa kuliko zote, nayo ni mchanga. Wanaoanikwa chini ufukweni hukokota mchanga hadi jikoni. Wanaoanikwa juu kwenye chanja hawaugusi. Yule dada hununua wa chanja na amelieleza hilo mara mia kwenye matangazo, lakini ni yeye anayejisifu. Mama wa Dodoma alikuwa jikoni kwake na beseni la maji.

Tukamwandikia hivi:

"Shikamoo mama. Nimefurahi dagaa wamewafaa. Naomba ruhusa niweke maneno yako haya kwenye stetasi yangu na kwenye ukurasa wa biashara: *Nimeosha mara mbili tu, hakuna mchanga. Watoto wamekula mpaka vichwa.* Chini nitaandika 'Mteja, Dodoma', jina lako sitaweka. Ukiona sawa nijibu 'sawa' tu, na kama kuna neno la kubadilisha nibadilishie. Usipopenda hakuna neno kabisa mama, mzigo wako utakuja kama kawaida."

Angalia kazi iliyobaki kwa mama: kusoma mistari michache na kuandika neno moja. Maneno ni yake, ameonyeshwa yatakapokaa na jinsi atakavyotajwa, na mlango wa kukataa uko wazi. Ule mstari wa mwisho wauzaji wengi hawaupendi, wanaona kama unamfundisha mteja kukataa. Lakini mtu asiyeona pa kutokea hakubali, ananyamaza. Na tulituma yeye alipoagiza tena mwenyewe. Siku mzigo unapofika ni mapema mno, hajapika bado. Na siku unayomdai salio usithubutu.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: "Sawa mwanangu, ila andika mara tatu. Ile ya tatu nilikuwa namalizia tu, lakini watu wasije wakaniita mwongo."

Tukaandika mara tatu. Kwa macho yangu ikawa bora zaidi, maana muuzaji anayetunga maneno ya mteja hawezi kutunga "mara tatu". Angesema "safi kabisa, ubora wa hali ya juu". Kukata salamu na kusogeza sentensi ninakubali, kwa sababu mwenyewe anayaona kabla hayajatoka. Kumwongezea neno ambalo hakulisema, hapana.

Kabla sijajifunza kuomba, niliwahi kuchukua skrinishoti ya mteja akisifu dagaa, nikaibandika ilivyo, na picha yake na jina. Sifa zilikuwa tamu. Kumbe wiki ile alikuwa amewaambia wakwe hana pesa ya mchango wa harusi, na pale kwenye skrinishoti anaagiza ndoo nzima ya lita ishirini. Alinipigia usiku. Sina cha kujitetea hadi leo. Na si suala la adabu tu: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ridhaa aliyoitoa mtu anaweza kuiondoa. Akisema toa, unatoa siku hiyohiyo.

Wapo wateja wasiosema kitu, wanaagiza na kulipa kimyakimya. Hawa siwaombi maoni. Ninamwambia muuzaji awaulize swali moja la kawaida, kama mtu anayetaka kurekebisha kazi yake: "Kaka, mara ya kwanza kuagiza kwangu ulikuwa na wasiwasi na nini?" Mmoja wa Morogoro alijibu, "Niliogopa nitapigwa. Nimetuma pesa Jumanne, Alhamisi nikaufuata mzigo stendi." Hayo tayari ni maneno ya kuombea ruhusa. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku kadhaa, kisha mwache. Na usimwahidi nusu kilo ya bure ili akubali. Atasema unachotaka kusikia, na wanaosoma watanusa.

Jambo la mwisho lilitukuta kwenye mvua. Anga ikifunga siku nyingi, dagaa hawakauki vizuri, na wa chanja wanakuwa wachache na ghali. Mwezi wa tatu yule dada akakosa, akachukua mzigo wa mchangani, akauza kwa bei ya chini. Nikamwambia maneno ya mama wa Dodoma tuyashushe kwanza. Akabisha, akasema lakini mama alisema kweli. Alisema kweli, juu ya mzigo ule. Tukayashusha, tukaandika wazi kwamba hawa wana mchanga, waoshwe mara tano sita. Wa chanja walipopatikana tena tukayarudisha, na kabla ya kuyarudisha dada alimtumia mama ujumbe kumwarifu. Mama akajibu kwa kuagiza kilo nne.