Pending na Posted kwenye kadi: hela iliyoshikiliwa bado haijakatwa

Msimu wa korosho ukifika hapa Mtwara, kuanzia mwezi wa kumi minada ikishaanza, hoteli zinajaa wageni wa kutoka Dar na kwingine na wengi siku hizi wanalipa kwa kadi. Mimi nimekaa mapokezi miaka kadhaa, na simu ninayopokea sana baada ya mgeni kuondoka ni ile ya "mmenikata mara mbili". Mara nyingi hajakatwa mara mbili kabisa, lakini hela yake kweli haipo mkononi, kwahiyo hasira yake ni ya haki na mtu anatakiwa amueleweshe vizuri.

Shida inaanzia hapa, sisi tumezoea kutuma hela kwa simu. Ukituma elfu kumi meseji inaingia saa hiyohiyo, kwako imetoka kwa mwenzio imeingia, imeisha. Kadi haiendi hivyo, kadi ina hatua mbili na katikati yake kuna siku.

Hatua ya kwanza ni kuomba idhini. Ukichomeka kadi kwenye mashine, mashine inauliza benki yako, hii kadi ni nzima, na hicho kiasi kipo? Benki ikiona kipo inajibu ndiyo, inatoa namba ya idhini (kwenye risiti utaiona imeandikwa APPR CODE au AUTH CODE, mara nyingi ni herufi na tarakimu sita), afu inakiweka pembeni kile kiasi ili usikitumie kwa kitu kingine. Hapo hakuna hela iliyotoka kwenye akaunti yako, na sisi wa hoteli hatujapata hata shilingi. Hiyo ndo Pending unayoiona kwenye app.

Hatua ya pili ni dai lenyewe. Jioni au usiku tunafunga mahesabu ya mashine, miamala yote ya siku inatumwa kwa benki iliyotupa mashine, nayo inaipeleka kupitia mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, hadi benki yako. Benki yako ikilipokea dai inalitafutia idhini yake, ikiipata inalikata kwenye akaunti na papo hapo inaiachia ile hela iliyokuwa pembeni. Sasa imekuwa Posted. Inaweza kuchukua siku moja, mbili au tatu, na ikiangukia wikiendi au sikukuu inasogea mbele. Stetimenti ya benki kwa kawaida inaonyesha hii ya pili tu, ile iliyoshikiliwa utaikuta kwenye app, stetimentini haipo.

Ndo maana akaunti moja ina salio mbili. Kuna salio halisi, hilo linapungua dai likishakatwa, na kuna salio la kutumia ambalo ni salio halisi ukitoa kila kinachoshikiliwa. Watu wengi wanaangalia namba moja tu na hapo ndo wanapochanganyikiwa.

Sasa nieleze kisa cha mzee mmoja mnunuzi, maana ndani yake kuna kila kitu. Alifika Jumatatu, akasema atalala siku mbili, chumba elfu tisini kwa usiku. Sisi hatujui atakula nini wala atafua nini, kwahiyo tukamshikia 180,000 ya chumba na 60,000 ya matumizi, jumla 240,000. Kwenye mashine hiyo inaitwa PRE-AUTH, na risiti yake inatoka imeandikwa hivyohivyo. Akaunti yake ilikuwa na 500,000. Tukishashika, salio halisi likabaki 500,000 vilevile, la kutumia likashuka hadi 260,000.

Jumatano asubuhi anaondoka, bili yake yote 205,000. Kilichotakiwa ni mwenzangu wa zamu achague COMPLETION, aingize namba ya idhini ileile ya Jumatatu na kiasi cha 205,000. Benki ingelipokea dai, ingeona linafanana na idhini iliyopo, ingekata 205,000 na kuachia yote iliyoshikwa. Ile tofauti ya 35,000 isingekuwa hela iliyorudishwa, maana haikuwahi kuondoka.

Mwenzangu akabonyeza SALE, yaani mauzo mapya. Akaweka 205,000, mzee akaingiza namba ya siri, risiti ikatoka, wakaagana vizuri. Lakini kwa benki yake hizo ni habari mbili zisizojuana, kuna idhini ya 240,000 inayosubiri dai lake na kuna idhini nyingine mpya ya 205,000. Jumla 445,000 imezuiliwa. La kutumia limebaki 55,000.

Mzee alifika Mnazi Mmoja, pale njia panda ya kwenda Masasi na Lindi, akataka mafuta ya 120,000, kadi ikagoma. Akapiga simu.

"Binti yangu, mmenikata laki nne na nusu kwa siku mbili za kulala?"

Nikamwambia shikamoo baba, pole sana, naomba fungua app unisomee salio zote mbili. Akasoma, halisi 500,000, la kutumia 55,000. Hapo nikajua. Kama salio halisi halijaguswa basi hakuna aliyemkata hata mara moja, hata ile 205,000 ya haki ilikuwa bado haijaingia kwa sababu mashine tulikuwa hatujaifunga. Nikamwambia nitumie picha ya sehemu ya Pending, ikaja na mistari miwili, 240,000 ya Jumatatu na 205,000 ya Jumatano.

Hiki ndo kipimo nachowashauri watu siku zote. Ukiona kiasi kimetokea mara mbili usiangalie jina la duka, angalia viko wapi. Vikiwa vyote viwili Pending, au kimoja Pending na kimoja Posted, na salio halisi limeshuka mara moja tu au halijashuka, hapo hujakatwa mara mbili, kile kilichozidi kimeshikiliwa tu na muuzaji asipokidai kitaachiwa. Vikiwa vyote viwili Posted, kila kimoja na namba yake ya kumbukumbu, na salio halisi limeshuka mara mbili, hapo umekatwa mara mbili kweli na unatakiwa kufungua lalamiko benki kwako. Na benki ukiwapelekea lalamiko la muamala ambao bado ni Pending kwa kawaida watakuambia subiri uingie kwanza. Hawakudharau, ni kwamba hakuna dai lililokatwa la kupinga. Ila kama muamala huujui kabisa usisubiri chochote, piga benki saa hiyohiyo wafunge kadi.

Turudi kwa mzee. Mwenzangu kwa kuogopa akataka kubonyeza REFUND ya 240,000 ili mzee "arudishiwe". Nilimshika mkono. Refandi ni hela halisi inatoka kwenye akaunti ya hoteli kwenda kwa mteja, na ile 240,000 sisi hatukuwahi kuipokea. Tungeirudisha, mzee angeingiziwa 240,000 na bado siku chache mbele ile iliyoshikiliwa ingeachiwa yenyewe, hoteli ingekuwa imepoteza laki mbili na arobaini hivihivi. Na hata mzee isingemsaidia siku ile, maana refandi nayo inasafiri siku kadhaa, haimfikii mtu akiwa kituo cha mafuta. Wahudumu wengi hawajui hili, na wateja wakipandisha sauti kudai refandi ya kitu ambacho ni Pending wanamsukuma mtu kufanya kosa la pili.

Dawa yake ni kufuta ile idhini, yaani kupeleka ujumbe benki kwake kwamba idhini namba fulani hatutaidai, iachie. Mashine yetu ilitaka kadi ichomekwe tena ndo ifute, na kadi iko Mnazi Mmoja. Kwahiyo tukaandika barua ya hoteli yenye mhuri, tukaweka tarehe, kiasi cha 240,000, namba ya idhini, namba nne za mwisho za kadi, na sentensi inayosema hoteli haitadai idhini hiyo kwani bili imeshalipwa kwa muamala mwingine. Namba nzima ya kadi haiandikwi kwenye barua kama hiyo. Tukaituma kwa mzee aipeleke benki kwake, maana anayeweza kuachia ile hela kabla ya muda wake ni benki iliyotoa kadi peke yake. Siku ile mafuta alitumiwa hela kwa simu na mwanae, akaendelea na safari.

Na kama hakuna anayefanya chochote? Idhini ina umri. Manunuzi ya kawaida dukani benki nyingi zinaachia ndani ya wiki moja hivi, lakini za hoteli na za kukodi magari zinaweza kukaa muda mrefu zaidi, hadi siku thelathini, kwa sababu benki inajua mgeni anaweza kukaa siku nyingi. Kwa mwenye kadi ya mkopo hilo linapunguza tu kiwango chake cha kukopa, ila wengi wetu kadi zetu ni za akaunti ya kawaida, ni ada ya mtoto, ni hela ya kupalilia mikorosho, imekaa pale unaiona na huwezi kuigusa.

Kuna upande mwingine ambao hauongelewi sana. Idhini ikizeeka ikaachiwa kabla muuzaji hajapeleka dai lake, salio la kutumia linapanda na unaona kama umerudishiwa. Unaitumia. Afu wiki ijayo dai linaingia, maana muuzaji alichelewa tu kufunga mahesabu, na akaunti inaweza kwenda hasi. Kwahiyo kama ulichukua bidhaa na risiti unayo, hela "ikirudi" yenyewe iache kwanza hapohapo. Na ukinunua kitu cha dola mtandaoni, usishangae Pending ikisema kiasi kimoja na Posted ikaja tofauti kidogo, kwasababu kiwango cha kubadilisha fedha cha siku dai lilipopita ndicho kinachohesabika, siyo cha siku uliyobonyeza.

Kwa hoteli, mimi siku hizi mgeni akilipa kwa kadi namuonyesha risiti ya kwanza, namuambia hii ya PRE-AUTH itunze usiitupe, siku ya kuondoka utaileta na tutafunga kwa namba hii hapa. Asipoona neno COMPLETION kwenye risiti ya mwisho aulize palepale kaunta kadi ikiwa bado mkononi, kufuta hapo ni dakika mbili.

Mzee Alhamisi alikuta 205,000 imekuwa Posted, salio halisi 295,000, la kutumia bado 55,000, ile 240,000 bado imekaa. Akapeleka barua Ijumaa. Jumatatu mchana akanitumia picha ya app, salio zote mbili 295,000, na chini yake sehemu ya Pending haina kitu.