Waandishi watatu, fundi mmoja: kulinda sauti ya chapa kwenye video fupi

Mteja akiniambia anataka sauti ya chapa yake iwe "ya kirafiki na ya kuaminika", huwa naandika kwenye daftari kisha namuuliza swali jingine: kwenye video yako, nani anaongea, na anaongea na nani? Maana urafiki kila mwandishi anao wa kwake. Ukiwapa watu watatu maneno yale yale mawili, watakuletea marafiki watatu wasiofahamiana.

Chukua duka linalouza majiko na kujaza mitungi ya gesi Dar es Salaam, linalotoa video kadhaa kwa wiki. Skripti zinaandikwa na watu watatu. Mada ya siku ni kukagua kama gesi inavuja. Wa kwanza anaanza hivi: "Ndugu mteja wetu mpendwa, usalama wako ni kipaumbele chetu." Wa pili: "Oya wana, gesi inavuja na huna habari? Cheki hii!" Wa tatu: "Habari zenu dada zangu, hebu tuangalie pamoja mtungi wetu." Hakuna aliyeandika vibaya. Lakini mtazamaji akizipata zote tatu kwenye simu yake wiki moja, atadhani ni maduka matatu.

Kinachowaunganisha ni kuamua mtu. Hapa tunasema anayeongea ni fundi anayekuja kukufungia jiko nyumbani. Ameshaingia jikoni kwako, ana heshima, hana muda wa kupoteza. Ukishampata huyo, mambo mengi yanajijibu yenyewe. Fundi anasema "mimi", hasemi "sisi kama kampuni". Anaongea na mtu mmoja aliye mbele yake, kwa hiyo ni "umebadilisha", siyo "mmebadilisha". Hakuiti "mpendwa" wala "mwanangu". Akitoa maelekezo anasema "funga", "paka", "subiri", bila "tafadhali" kila mstari, kwa sababu fundi aliyeshika spana haongei hivyo. Bei anaitaja kwa mdomo wa sokoni: "elfu ishirini na tano", siyo "shilingi za Kitanzania".

Skripti ikatoka hivi:

"Umebadilisha mtungi leo? Kabla hujawasha, chukua sabuni ya vyombo, changanya na maji kidogo, paka pale reguleta inapokutana na mtungi. Ukiona mapovu yanavimba, gesi inavuja. Funga reguleta, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa. Halafu toka nje, ndipo unipigie."

Ukiisoma kwa mwendo wa kawaida haifiki nusu dakika, na mkono umepata nafasi ya kuonyesha sabuni. Angalia pia kwamba salamu imeondoka. Wa tatu alilalamika kwamba kuingia bila salamu ni utovu wa adabu, na ana hoja. Tulikubaliana salamu ibaki kwenye video za kujibu maswali ya wateja, ambako kweli kuna mtu aliyeuliza.

Uamuzi kama huo lazima uandikwe, la sivyo mwezi ujao mtabishana upya. Mimi sipendi mwongozo wa kurasa nyingi, hausomwi. Natumia ukurasa mmoja wenye safu mbili, "tunasema" na "hatusemi", na kila sentensi imetoka kwenye skripti halisi tuliyoibishania. Mwandishi mgeni akisoma sentensi kumi na tano za namna hiyo anamsikia fundi. Akisoma "tuwe wachangamfu", hasikii kitu. Safu hizo zinapitiwa kila baada ya muda, hasa kwa maneno ya mtaani, kwa kuwa yanachuja haraka.

Kisha msomaji wa mwisho awe mmoja, na asome kwa sauti. Macho yanasamehe sentensi inayokwamisha ulimi. Kamati ya watu wanne ni mbaya zaidi kuliko kukosa mhariri: kila mmoja anaongeza neno lake, na fundi anaishia kuongea kama taarifa ya mkutano.

Jinsi ya kujua kama imeshika: chukua skripti za wiki kadhaa, ondoa majina ya waandishi, zichanganye, umpe mtu wa ofisini anayewajua wote azipange kwa mwandishi. Akizipanga sawasawa bila taabu, bado mna sauti tatu. Akianza kukisia, mmekaribia. Mara nyingi siri inafichuka kwenye mstari wa kwanza na wa mwisho, kwa hiyo hapo ndipo naanzia kuhariri.

Tahadhari moja: sauti moja haimaanishi hali moja. Fundi yule yule anatania akionyesha chapati iliyoungua, na hatanii hata kidogo akizungumzia gesi inayovuja. Na asikae kwenye video tu. Maelezo ya chini ya video na majibu kwa wanaotoa maoni huachiwa yeyote aliye zamu, na hapo ndipo "Ndugu mteja wetu mpendwa" hurudi kupitia mlango wa nyuma. Aliye zamu naye apewe ule ukurasa.