Mfuko wa baridi: mbona chumvi inayeyuka huku ikila joto?

Mchezaji akigeuka kifundo kwenye uwanja wa mtaani hapa Lubumbashi, wakati mwingine mhudumu wa timu hutoa mfuko, akaupiga ngumi, nao ukawa baridi kama uliotoka kwenye friji. Umeme ukikatika haina shida. Ndani kuna kifuko cha maji kinachopasuka na punje, kwa kawaida za chumvi ya nitrati ya amonia (NH₄NO₃) au, siku hizi, za urea.

Darasani swali huwa ni lilelile: kuni zinawaka zenyewe kwa sababu zinatoa joto, lakini chumvi hii inachukua joto. Nani anailazimisha?

Hakuna. Gramu 80 za nitrati hii, yaani moli moja, zinapoyeyuka huchukua kilojouli 25.7. Kung'oa ioni, yaani chembe zenye chaji, kwenye fuwele kunagharimu zaidi kuliko kile maji yanachorudisha yanapozizunguka, na tofauti hiyo hutolewa kwenye maji yenyewe. Weka gramu 40 kwenye mililita 100 na joto litashuka karibu digrii 20.

Kinachoamua ni jinsi nishati na chembe zinavyosambaa kwa jumla, kitu tunachopima kwa entropia. Fanya hesabu ya pande mbili, kama daftari la duka. Kwa digrii 25 (kelvini 298), joto lililochukuliwa linayagharimu maji yaliyolitoa jouli 25,700 ÷ 298, yaani kama 86 kwa kelvini. Upande wa pili, ioni zilizokuwa zimepangwa safu kwa safu sasa zinazurura majini, na faida yake ni kama 109. Ukitoa 86 zinabaki 23. Salio ni chanya, kwa hiyo chumvi inayeyuka yenyewe.

Faida hiyo haiko kwa kila chumvi. Ioni za amonia na nitrati zina chaji moja moja, hazibani maji sana. Chokaa, kalisi kabonati, ina ioni za chaji mbili mbili zinazoyapanga maji kwa ukali hadi faida ya kutawanyika inamezwa, ndiyo maana hubaki tope chini ya glasi.

Angalia pia kwamba kigawanyo cha hasara ni joto la kelvini. Maji yakishuka hadi sifuri, 25,700 ÷ 273 ni 94, si 86 tena. Hasara imekua. Kwa hiyo kwenye digrii 20 mililita 100 za maji hubeba takriban gramu 190 za chumvi hii, lakini kwenye sifuri ni kama 118 tu. Na kadiri ioni zinavyojaa, faida ya kutawanyika kwa kila punje inayofuata hupungua hadi hesabu itoke sifuri; hapo punje zilizobaki hukaa chini, hata ukikoroga mpaka jioni.

Ukitaka kuona upande wa pili, jaza maji ya moto chumvi hii hadi isiyeyuke tena, kisha uyapoze. Fuwele zitarudi, na zikirudi hutoa joto.