Mninga haunenepi kutoka moyoni: dhana potofu kuhusu mbao, gome na pete za miti

Wanaokata, kupasua na kuuza mbao wanaujua mninga kwa namna ambayo si rahisi kuipata vitabuni. Hata hivyo, tukiuliza shina linanenepa vipi, maelezo yanayotolewa mara nyingi, hata na watu waliosoma, huwa na kasoro moja: yanauchukulia mti kana kwamba unakua wote kwa pamoja, kama mwili wa mtoto. Mninga wa misitu ya miombo, tuseme ule wa Tabora, unafaa kutuonyesha jambo lilivyo, kwa sababu unaota mahali penye msimu mmoja wa mvua na msimu mmoja mrefu wa kiangazi, na pia kwa sababu pete zake zimechunguzwa kwa makini.

Dhana: Shina hupanda juu mti unapokua, kwa hiyo msumari uliopigwa leo utapanda pamoja nalo.

Mti hurefuka kwenye ncha za matawi na ncha za mizizi tu. Sehemu ya shina iliyokwisha kukomaa hairefuki tena, hivyo seng'enge iliyofungwa kwenye mti kwa urefu wa mita 1.3 itakuwa pale pale kwenye mita 1.3 baada ya miaka 30. Kitakachobadilika ni kwamba itamezwa. Ndiyo maana meno ya msumeno huvunjika ghafla yakikutana na waya ndani ya gogo ambalo kwa nje halina dalili yoyote ya waya. Mbao yote iliyo kati ya waya huo na gome ni mbao iliyoongezwa baada ya waya kufungwa.

Dhana: Mbao mpya huzaliwa katikati ya mti na kuisukuma ya zamani nje.

Mambo ni kinyume kabisa. Kati ya mbao na gome kuna tabaka jembamba la seli hai liitwalo kambiamu, ambalo limeuzunguka mti mzima kuanzia mizizi mikubwa hadi matawi. Wakati wa mapumziko, tabaka hilo huwa na unene wa seli chache tu. Likiwa kazini, eneo lenye seli zinazogawanyika hupanuka kidogo na kuwa laini na lenye utelezi, na hapo ndipo gome hubanduka kwa urahisi. Anayechuna magome ya kutengenezea kamba au mizinga ya nyuki anajua kwamba wakati wa mvua gome hutoka lenyewe, na kiangazi hugoma. Kinachoachia pale ni kambiamu na seli changa zilizo kando yake, ambazo kuta zake bado hazijakaza.

Seli ya kambiamu hugawanyika kwa ukuta unaolingana na uso wa shina. Kati ya seli mbili zinazopatikana, moja hubaki kuwa kambiamu na nyingine hupewa kazi. Ikibaki upande wa ndani, huwa sehemu ya mbao, ama mrija wa kupandisha maji, ama nyuzi za kuutia mti nguvu, ama seli ya kuhifadhi chakula. Ikibaki upande wa nje, huwa sehemu ya gome la ndani, ambalo husafirisha sukari kutoka kwenye majani. Seli zinazopelekwa ndani ni nyingi zaidi kuliko zinazopelekwa nje, na zile za nje baada ya muda husagika na kubanwa, ndiyo maana mti wa miaka mingi una mbao nene na gome ambalo ni jembamba kwa kulinganisha. Kambiamu yenyewe husukumwa nje na mbao inayoitengeneza, hivyo mara kwa mara hulazimika kugawanyika pia kwa upande ili mzunguko wake ulitoshe shina lililonenepa.

Gome la nje, lile kavu lenye nyufa, lina asili nyingine. Ndani ya gome huzaliwa tabaka la pili la seli zinazogawanyika, ambalo hutengeneza gamba lisilopitisha maji, na kila kilichobaki nje ya gamba hilo hufa kwa kukosa maji na chakula. Kwa kuwa gome hilo limekufa, haliwezi kutanuka, nalo hupasuka mbao ya ndani inapoongezeka. Kwenye mninga mkubwa mipasuko hiyo huligawa gome vipandevipande, na unene wa gome hilo husaidia kuikinga kambiamu na moto wa nyasi.

Mpangilio huu unaeleza pia kwa nini mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hufa polepole. Maji bado yanapanda, kwa sababu mirija ya mbao haijaguswa, na majani yanaweza kubaki kijani kwa wiki au hata miezi. Ila sukari haishuki tena. Mizizi huishi kwa akiba yake, na akiba ikiisha, mti mzima hukauka.

Mnazi hauingii katika maelezo haya. Hauna kambiamu ya namna hii, na alama za duara kwenye shina lake ni makovu ya makuti yaliyoanguka. Kuyahesabu ni kuhesabu makuti, si miaka.

Dhana: Kiini cheusi au chekundu ndiyo sehemu iliyo hai ya mti.

Kiini cha mninga chenye rangi ya kahawia kinachopendwa na mafundi seremala ni mbao iliyostaafu. Maji hupanda katika sehemu nyeupe iliyo nje ya kiini, na hata huko mirija inayoyapandisha ni seli zilizokwisha kufa na kubaki matupu. Zilizo hai ni zile za akiba zilizo katikati yao. Mti unaweza kuoza kiini chote, ukawa pango, na bado ukachanua kila mwaka.

Dhana: Miti ya nchi za joto haina pete, na ikiwa nazo, pete moja ni mwaka mmoja.

Hizi ni dhana mbili zinazopingana, na zote zimetoka kwenye kosa moja, nalo ni kuamini kwamba pete hutengenezwa na baridi. Pete ni alama ya kambiamu kufanya kazi na kisha kupumzika. Ulaya kinachoisimamisha ni majira ya baridi; Tabora ni ukosefu wa maji.

Seli iliyotoka tu kwenye kambiamu haikui kwa kuwa na chakula pekee. Hutanuka kwa sababu maji yaliyo ndani yake yanasukuma kuta ambazo bado ni laini. Udongo ukikauka, shinikizo hilo hushuka na seli hubaki ndogo, na wakati huohuo majani hufunga vitundu vyake ili yasipoteze maji, hivyo sukari ya kujengea kuta hupungua nayo. Mninga hupukutisha majani kiangazi, na kambiamu husimama. Mvua zinapoanza, kiasi cha Novemba, mirija ya kwanza kutengenezwa huwa mipana. Inayofuata hupungua upana kadiri msimu unavyoelekea mwisho wake, mnamo Aprili. Kwenye kipande kilichopigwa msasa hadi kikalainika kabisa na kuloweshwa kidogo, lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 huonyesha mstari mwembamba wa seli za akiba, na mara baada yake vitundu vikubwa vya msimu unaofuata. Mstari huo ndio mpaka wa pete. Kwa kuwa pete ya aina hii huanza mwaka mmoja na kumalizika mwaka unaofuata, watafiti wa nusu ya kusini ya dunia huipa mwaka ulipoanza ukuaji: pete ya msimu wa 1991/92 huandikwa 1991.

Sasa tuhamie sehemu za Kenya zenye masika na vuli. Huko kambiamu inaweza kuamka mara mbili kwa mwaka, na mgunga ukaandika pete mbili. Tuseme kisiki kina pete 60. Anayehesabu pete moja kwa mwaka atasema mti ulikuwa na miaka 60, ilhali huenda ulikuwa na 30 na zaidi kidogo; zaidi kidogo kwa sababu kuna miaka ambayo vuli hushindwa na pete ya pili haitokei. Kugawanya kwa mbili, kwa hiyo, si tiba ya kuaminika. Njia ya uhakika ni kuutia mti wenyewe tarehe: hukatwa kijidirisha kidogo kwenye gome hadi kuifikia kambiamu, tarehe ikaandikwa, na jeraha likaachwa lipone. Miaka kadhaa baadaye kovu hilo hupatikana ndani ya mbao, na idadi ya pete zilizo nje yake hulinganishwa na miaka iliyopita. Kipimo kingine kinatokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo yaliongeza kaboni 14 hewani hadi ikafikia kilele katikati ya miaka ya 1960. Mbao iliyotengenezwa wakati huo inabeba alama hiyo, na hesabu ya pete ikiwa sahihi, alama itaangukia kwenye pete zinazotarajiwa.

Dhana: Pete nyembamba ni ukame, basi.

Mti mmoja haupaswi kuaminiwa hivyo. Viwavi wakila majani yote mapema katika msimu, moto ukiunguza matawi, au jirani mkubwa akiuzibia mwanga, pete huwa nyembamba hata kama mvua ilinyesha vizuri. Jirani huyo akikatwa, pete hupanuka ghafla bila tone moja la mvua kuongezeka. Katika mwaka mbaya sana pete inaweza isionekane kabisa upande mmoja wa shina, na mvua ikikatika katikati ya msimu kisha ikarudi, hutokea mpaka wa uongo. Mpaka wa uongo huwa na dalili: mara nyingi hufifia au kukatika ukiufuata kuzunguka kipande chote, wakati mpaka wa kweli hurudi mahali ulipoanzia.

Kwa hiyo kazi hufanywa kwa miti mingi. Upana wa kila pete hupimwa, kisha mfuatano wa nyembamba na pana wa mti mmoja huwekwa sambamba na wa mwingine. Ikiwa mti A na mti B vinakubaliana hadi pete ya 23 kutoka kwenye gome, na kuanzia hapo vinapishana kwa pete moja, basi mmoja umekosa pete au mwingine una ya uongo, na hapo mtu hurudi kwenye lenzi. Kinachobaki baada ya usawazishaji huo ni sehemu ambayo miti yote inashiriki, na katika miombo sehemu hiyo ni mvua. Kwa mninga wa magharibi mwa Zimbabwe, kazi iliyofanywa hivi ilithibitisha kwamba pete ni za kila mwaka na kwamba upana wake hufuata mvua za msimu, ikawezesha kukadiria mvua za kuanzia mwisho wa karne ya 18, kabla vipimo vya mvua havijaanza kuwekwa huko. Kinachopatikana ni makadirio ya mvua za msimu mzima. Pete haisemi mvua ilinyesha tarehe gani, na mvua kubwa mno haiongezi upana kwa kiwango kile kile, kwa sababu maji yakishatosha, kambiamu huzuiwa na mambo mengine.

Dhana: Pete za kisiki zikihesabiwa vizuri, umri wa mti umepatikana.

Kwa mninga, kinachopatikana ni umri wa shina katika urefu lilipokatwa. Mche wa mninga huota, kisha kiangazi kikifika, sehemu yake ya juu hukauka, mara nyingi ikimalizwa na moto, huku mzizi ukibaki na kuendelea kunenepa chini ya ardhi. Msimu unaofuata huchipua tena, na hali hiyo inaweza kujirudia kwa miaka kadhaa hadi mzizi uwe na akiba ya kutosha kurusha chipukizi linalouhimili moto. Miaka hiyo yote haimo katika kisiki, kwa kuwa shina lililoiandika lilikwisha kuungua.