Kubadili mashine ya mawese: dhana potofu kuhusu thamani ya vitabuni

Dhana: “Mashine bado ina milioni 6 vitabuni. Nikiiuza kwa milioni 2.5 nimepata hasara ya milioni 3.5, bora niimalize kwanza.”

Hii ndiyo inayowakwamisha wakamuaji wengi. Tumchukue wa mfano, mwenye mashine Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Aliinunua miaka mitatu iliyopita kwa shilingi milioni 12, akakadiria itadumu miaka sita, na kila mwaka akaandika uchakavu wa milioni 2. Ndipo ilipotoka hiyo milioni 6.

Lakini milioni 12 zilikwisha kutoka mfukoni siku ile ya kununua. Akiuza leo hazirudi, na akiendelea kuitumia hazirudi pia. Ile milioni 6 ni sehemu ya matumizi ya zamani ambayo bado haijagawiwa kwenye miaka, basi. Wahasibu huiita gharama iliyozama, na haina nafasi katika uamuzi huu kwa sababu haibadiliki kwa njia yoyote atakayochagua. “Hasara” ya milioni 3.5 inaonyesha tu kwamba makadirio ya uchakavu yalikuwa ya polepole kuliko soko. Imekwisha kutokea, hata asipouza.

Deni lililobaki la mkopo wa mashine ya zamani linafuata mantiki hiyohiyo: atalilipa tu, abadili asibadili. Ila kama mashine ndiyo dhamana, azungumze na mkopeshaji kabla ya kumwita mnunuzi.

Dhana: “Bei nitakayouzia ya zamani ni hela ya pembeni, haihusiani na mpya.”

Inahusiana sana, maana haipatikani bila kubadili. Mashine mpya inauzwa milioni 14, na kuisafirisha, kuifunga na kuing’oa ya zamani ni 700,000. Akiuza ya zamani, baada ya kumtoa dalali, anabaki na milioni 2.5. Kwa hiyo fedha anayohitaji kweli ni milioni 12.2. Hesabu ianzie kwenye kile kitakachoingia mkononi. Bei anayoitamani mwenye mashine haisaidii kitu.

Kuna upande wa pili ambao husahaulika. Akiibakiza miaka mitatu zaidi, angeiuza kama chuma chakavu kwa 400,000. Akiiuza leo anaikosa hiyo, hivyo lazima itolewe kwenye faida za kubadili. Mashine mpya nayo, baada ya miaka hiyo mitatu, tukadirie itauzika kwa milioni 5. Tofauti ni milioni 4.6.

Sasa faida za kila mwaka. Dizeli na matengenezo yanashuka kutoka milioni 7.2 hadi milioni 4. Mashine mpya pia inabana vizuri zaidi, mafuta machache yanabaki kwenye makapi. Tuseme anapata madumu 40 ya ziada ya lita 20, kila moja likimbakizia 50,000 baada ya gharama za kuliuza na kodi. Jumla ni milioni 5.2 kwa mwaka. Uchakavu wa mashine mpya hauingii hapa, kwani bei yake tumeshaihesabu yote mwanzoni. Ukiuweka unaihesabu mara mbili.

Kwa riba ya asilimia 18, milioni 5.2 za kila mwaka kwa miaka mitatu zina thamani ya leo, yaani fedha ambayo ikiwekwa leo kwa riba hiyo ingetosha kuzitoa, ya takriban milioni 11.3, na ile milioni 4.6 ya mwisho ni milioni 2.8. Jumla milioni 14.1. Ukitoa milioni 12.2, inabaki faida ya milioni 1.9. Abadili.

Angalia makosa yanavyogeuza jibu. Ukiingiza ile “hasara” ya milioni 3.5, faida inakuwa hasara ya milioni 1.6. Ukisahau fedha ya mauzo, unapata hasara ya 600,000. Kosa moja tu kati ya hayo linamwacha na mashine inayomlia dizeli.

Dhana: “Basi thamani ya vitabuni haina maana yoyote.”

Kwa anayelipa kodi ya makadirio kwa mauzo, kwa uamuzi huu haina. Kwa anayeandaa hesabu kamili, kodi inaweza kuguswa, ila si kwa namba ya kitabu chake. Sheria ya Kodi ya Mapato huziweka mashine kwenye makundi ya uchakavu, na fedha ya mauzo hupunguza salio la kundi. Kwa kawaida hasara aliyoiandika vitabuni haimpi punguzo la kodi hapohapo. Kinachoingia kwenye hesabu ni kodi yenyewe inayobadilika, mwaka inapobadilika.

Bei ya mashine ya zamani isimtie hofu sana: hata ikiangukia 600,000, bado atakuwa hajapoteza. Penye hatari ni ile milioni 5.2. Ikishuka chini ya kama milioni 4.3, kubadili hakulipi. Kwa hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali, apeleke chikichi zake mwenyewe kwenye mashine ya aina hiyo inayofanya kazi, apime dizeli kabla na baada, na ahesabu madumu yanayotoka.