Kuendesha kompyuta ya ofisi kupitia VPN badala ya kufungua mlango 3389

Mhasibu mmoja wa Lubumbashi, ambaye kila mwezi hukaa siku kadhaa Likasi, alihitaji kufungua programu ya hesabu iliyomo katika kompyuta ya ofisini, na fundi wa kwanza alimtimizia haja hiyo kwa njia fupi: aliingia katika ruta ya ofisi akaiamuru kwamba kila anayebisha mlango namba 3389 kutoka intaneti apelekwe moja kwa moja kwenye kompyuta hiyo. Namba 3389 ndiyo ambayo Windows huitumia kwa RDP, yaani utaratibu wa kuonyesha skrini ya kompyuta moja kwenye nyingine iliyo mbali. Mama mhasibu aliingia bila shida.

Nilipoitwa wiki chache baadaye kwa sababu akaunti yake ilikuwa ikijifunga mara kwa mara, nilifungua Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika matukio yake, sehemu ya Security, nikakuta mistari yenye namba 4625 ikifuatana kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana, ikiwa na majina kama Administrator na comptable. Namba hiyo maana yake ni kwamba mtu amejaribu kuingia akashindwa. Hakuna aliyekuwa ameichagua ofisi ile kwa chuki. Zipo programu zinazopita anwani zote za intaneti zikitafuta penye RDP, na zikipata jibu huanza kubahatisha maneno ya siri. Kubadilisha namba ya mlango kuwa nyingine hupunguza kelele tu, kwa kuwa programu hizo hupekua namba zote.

Lakini neno la siri si hatari pekee. Mlango uliofunguliwa hivyo humjibu kila mgeni kabla ya kujua ni nani, na kasoro ikiwamo katika majibu hayo ya mwanzo, mgeni hahitaji neno la siri hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kasoro ya BlueKeep, ambayo Microsoft iliitolea marekebisho mwezi Mei 2019, hata kwa Windows XP iliyokuwa imekwisha kuachwa.

Kupita kwenye VPN ni kuweka kizuizi mbele ya mlango huo. Laptopu ya mhasibu kwanza hujenga njia iliyofichwa hadi kwenye ruta ya ofisi, na baada ya hapo ndipo huomba RDP, kana kwamba imeketi ndani ya ofisi. Tulitumia WireGuard, ambayo kila upande huwa na ufunguo wake wa siri na hutambua ufunguo wa wazi wa mwenzake. Pakiti isiyotoka kwa mwenye ufunguo unaotambuliwa haijibiwi kabisa, kwa hiyo anayepekua kutoka nje haoni chochote. Faili la laptopu lilikuwa hivi:

```
[Interface]
PrivateKey = (ufunguo wa laptopu)
Address = 10.8.0.2/32

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa ruta)
Endpoint = 203.0.113.7:51820
AllowedIPs = 192.168.40.20/32
```

Mstari wa mwisho ndio ninaousisitiza sana: unaielekeza laptopu itumie njia hiyo kwa kompyuta moja tu, 192.168.40.20. Hata hivyo huo ni mpangilio wa upande wa laptopu, ambao mwenye laptopu anaweza kuubadilisha. Kwa hiyo kwenye ruta pia tuliandika kwamba 10.8.0.2 isifike kwingine isipokuwa huko. Kisha tuliifuta ile amri ya mlango 3389, hatua ambayo watu wengi huisahau, wakabaki na VPN pembeni na mlango wa zamani ukiwa wazi.

Uthibitisho hufanywa kutoka nje, katika PowerShell ya laptopu, ikiwa kwenye intaneti ya simu, VPN ikiwa imezimwa:

```
Test-NetConnection 203.0.113.7 -Port 3389
```

Jibu sahihi ni TcpTestSucceeded : False. Ukiwasha VPN na kuuliza 192.168.40.20, jibu liwe True. Ofisini mistari ya 4625 ilikoma siku hiyohiyo.

Kuna kizuizi kimoja ambacho mipangilio hii haikiondoi. Ikiwa anwani ambayo ruta imepewa na kampuni ya intaneti iko kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni mwake, ofisi inachangia anwani ya nje na wateja wengine, na hakuna wa nje atakayeifikia, kwa VPN wala kwa mlango. Hapo huombwa anwani ya pekee, au hukodishwa seva ndogo ambayo ruta na laptopu zote huunganika nayo.

Vilevile, ufunguo unakaa ndani ya laptopu. Ikiibiwa njiani, msimamizi afute ufunguo wake wa wazi kwenye ruta siku hiyohiyo, naye mhasibu abadilishe neno lake la siri la Windows, ambalo VPN haikuliondoa.