Kadi imefutwa, deni halijafutwa

Kazi yangu ni malalamiko ya malipo ya kadi, na hapa Mtwara mjini kuna jambo moja linanisumbua: watu wanalipia huduma za mtandaoni kwa kadi ya mtandaoni, yaani namba za kadi tu bila plastiki, wanaifuta, wanaamini wamejitoa.

Fundi mmoja wa Chikongola, anayetengeneza kadi za harusi, alijiunga na programu ya usanifu kwa dola 10 kwa mwezi. Alilipia miezi miwili, kisha akaacha kadi bila salio. Aliniambia, "Kaka, hela humo sina, watakata nini?"

Kweli, kampuni ilijaribu kukata ikagonga mwamba. Lakini malipo yakikataliwa kwa sababu ya salio, mfumo wa muuzaji haukati tamaa. Hujaribu tena baada ya siku kadhaa, mara nyingi tu. Na kadi yake ilikuwa haina mfuko wake peke yake, ilikuwa inachota moja kwa moja kwenye salio lake la simu. Alipohamisha hela ya korosho kutoka benki kwenda kwenye simu, dola 10 zikaondoka kabla hajanunua hata karatasi. Kwa hiyo kwanza ujue kadi yako inachota wapi. Kama inachota kwenye simu, kuiacha tupu si kinga. Weka ukomo wa matumizi au ifunge kabisa.

Hapo ndipo alipoifuta. Baadaye ikaja barua pepe ya deni. Pale alipojiunga paliandikwa "Annual, billed monthly", yaani mkataba ni wa mwaka mzima, ila unalipa kidogo kidogo. Alikuwa ameshalipa miezi mitatu, imebaki tisa, sawa na dola 90. Masharti yalisema anayejitoa kabla ya mwaka analipa nusu ya kilichobaki: dola 45. Kufuta kadi kumezuia hela kutoka, hakujavunja mkataba. Angechagua "Monthly", kwa kawaida huduma ingekatwa tu na mambo yakaisha.

Kadi ya kutumia mara moja nayo ina mtego wake. Wauzaji wengine huanza na malipo madogo ya kuhakiki kadi, na hayo yanaweza kuhesabika kama ile mara moja, malipo halisi yakakataliwa. Pia hela ikirudishwa kwenye kadi iliyokwisha kufungwa, inabidi uifuatilie kwa aliyekupa kadi.

Mimi nashauri hivi: ingia kwenye akaunti, bonyeza "Cancel", subiri barua pepe ya uthibitisho, ndipo ufunge kadi. Wakikata baada ya hapo, mpelekee barua pepe hiyo aliyekupa kadi, upinge malipo hayo. Kwa kadi za Visa pingamizi hilo lina namba yake, 13.2, la malipo ya kujirudia yaliyositishwa. Linasimama juu ya tarehe: ya kusitisha iwe kabla ya ile ya kukatwa. Fundi wetu hakuwa na barua hiyo, kwa sababu hakuwahi kubonyeza "Cancel".